Wiki 52 za Tasnifu: Panga Kwanza Siku za Kusubiri

Karibu kila pendekezo la utafiti la shahada ya umahiri huwa na kiambatisho kinachoitwa ratiba ya kazi. Ni jedwali lenye miezi juu na shughuli pembeni, na visanduku vilivyopakwa rangi vikishuka kama ngazi. Oktoba kusoma machapisho, Desemba kukusanya data, Machi kuchambua, Mei kuandika, Juni kuwasilisha. Mara nyingi jedwali hilo hujazwa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi pendekezo, jopo hulitupia jicho mara moja, na baada ya hapo halifunguliwi tena na mtu yeyote, mwenyewe akiwamo.

Ukilisoma kwa makini utaona lilipokosea. Kila kisanduku ni kazi ya mwanafunzi. Hakuna kisanduku cha barua iliyolala masijala, cha msimamizi aliyezama kwenye kusahihisha mitihani ya muhula, wala cha barabara iliyokatwa na maji. Lakini hayo ndiyo hasa yanayokula mwaka. Mwanafunzi aliyejiandaa anaweza kuandika sura moja kwa wiki tatu au nne. Kitakachomchelewesha ni mambo ambayo yako mikononi mwa wengine. Kwa hiyo anayepanga mwaka wa tasnifu aanze na siku za kusubiri, azitie kwenye kalenda kwa tarehe, kisha kazi yake aipange kuzizunguka.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye kalenda ya kweli. Mwalimu wa sekondari anasoma shahada ya umahiri ya elimu katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Amemaliza masomo ya darasani na amebakiwa na mwaka mmoja wa tasnifu. Anataka kuchunguza utoro katika shule za sekondari za kata wilayani Kilosa, mkoa wa Morogoro. Atatoa hojaji kwa walimu, na katika kila shule atafanya mahojiano na mwalimu mmoja na wazazi wawili. Mwaka wake unaanza Jumatatu, 5 Oktoba 2026. Siku ya mwisho ya kuwasilisha ni Alhamisi, 30 Septemba 2027. Hizo ni karibu wiki 52.

Kabla ya kuandika shughuli yoyote, anatia kwenye kalenda mambo ambayo hawezi kuyasogeza. Shule za serikali hufunga mapema Desemba na kufungua katikati ya Januari. Hufunga tena Juni na kurudi Julai. Mvua za masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na Kilosa ni wilaya ya mafuriko. Wakazi wa kando ya Mto Mkondoa wanayakumbuka ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na 8 Februari, kwa kutegemea mwandamo wa mwezi, na Idi kuangukia karibu na 10 Machi. Pasaka ni 28 Machi.

Ukizipanga tarehe hizo pamoja, mlango wa kuingia uwandani unakuwa mwembamba kuliko ulivyodhani. Desemba hakuna wanafunzi shuleni. Wiki za kwanza za Januari walimu wakuu wanahangaika na uandikishaji wa kidato cha kwanza, na daftari la mahudhurio, ambalo ndilo anachokwenda kulitazama, bado halijatulia. Kuanzia katikati ya Machi barabara za vijijini si za kutegemewa. Juni likizo. Kwa hiyo muda wake mzuri ni kati ya 25 Januari na katikati ya Machi, basi. Akiukosa, atapata siku za kubahatisha Aprili na Mei, au asubiri Julai, wakati ambapo alipaswa kuwa anaandika sura ya mwisho. Hapa ndipo unapoona kwa nini wiki moja ya kuchelewa si sawa na nyingine. Wiki moja iliyopotea Novemba, ikisukuma kibali kikapita dirisha hilo, inaweza kugharimu miezi minne.

Sasa kibali chenyewe. Wanaoanza hudhani ni barua moja. Ni mnyororo wa barua. Chuo hutoa barua ya utambulisho baada ya pendekezo kupitishwa. Barua hiyo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Morogoro mjini. Ofisi yake huandika barua kwenda wilayani na kwenye halmashauri. Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri humwelekeza mwanafunzi kwa Afisa Elimu Sekondari, naye huandika kwa wakuu wa shule. Hakuna ofisi kati ya hizo yenye nia mbaya naye, ila katika kila moja barua hupokelewa masijala, hutiwa kwenye faili, faili hupanda mezani kwa mkubwa, na mkubwa anaweza kuwa safarini Dodoma. Akifuatilia kwa namba ya kumbukumbu ya barua atasaidika. Akisema tu kwamba alileta barua wiki iliyopita, ataambiwa aje kesho. Na kwa kuwa mnyororo huu unapitia Krismasi na Mwaka Mpya, anauwekea wiki tano, kuanzia 14 Desemba hadi 17 Januari. Atakayegusa mambo ya afya au taarifa za wagonjwa ana mlango mwingine wa kamati ya maadili, na wiki tano hazitamtosha.

Kuna kosa dogo la kibali ambalo huwanasa wengi. Hojaji inatakiwa ijaribiwe kwenye shule isiyo katika sampuli, na mwanafunzi huona ni rahisi kuijaribu shule iliyo karibu na anapolala, Morogoro mjini. Manispaa ya Morogoro ni halmashauri nyingine, ina mkurugenzi wake, na kibali cha Kilosa hakifanyi kazi huko. Basi achague shule ya tisa hukohuko Kilosa, ya majaribio tu, na jina lake liwemo kwenye barua tangu mwanzo.

Akirudi nyuma kutoka 14 Desemba, miezi ya kwanza inajipanga yenyewe. Wiki nne za Oktoba ni za kuandika pendekezo, akichukulia kwamba wazo na msimamizi vimeshapatikana. Msimamizi anasoma kwa wiki mbili, 2 hadi 15 Novemba. Wiki moja ya kurekebisha. Wiki mbili za utetezi mbele ya idara, kwa sababu jopo hukutana kwa siku zake, si kwa siku za mwanafunzi. Wiki moja ya kutekeleza maagizo ya jopo. Hiyo ni 13 Desemba.

Hapa aandike pia kile ambacho kila hatua itaonekana nacho. "Kusoma machapisho" si hatua, kwa sababu hakuna siku utakayoamka na kusema umemaliza kusoma. Hatua ni kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukishika au kukiona: rasimu ya sura ya pili imetumwa kwa msimamizi, barua ya mkoa iko mkononi, hojaji zote za shule ya tatu zimeingizwa kwenye Excel. Kwa mwaka mzima hatua kumi hadi kumi na mbili za namna hiyo zinatosha. Zikifika arobaini, unajikuta unatunza jedwali badala ya kuandika tasnifu.

Tuje kwa msimamizi, ambaye kwenye ratiba nyingi hana hata mstari mmoja.

Mhadhiri wa kawaida ana wanafunzi kadhaa wa umahiri, pengine na wa uzamivu, ana madarasa ya shahada ya kwanza yenye mamia ya vijana, na ana kalenda yake: mitihani ya mwisho wa muhula, kusahihisha, kwenda kusimamia mafunzo kwa vitendo mikoani, vikao vya idara na bodi. Ukimtumia sura ya kurasa 40 katika wiki ambayo amebeba marundo ya vitabu vya majibu, haitasomwa. Si dharau. Kwa hiyo mwanzoni kabisa mwa Oktoba mwanafunzi aende na swali moja lenye adabu: "Profesa, katika mwaka huu ni miezi gani haitakuwa rahisi kwako kusoma kazi yangu?" Jibu la swali hilo lina thamani kuliko programu yoyote ya kupangia ratiba. Kama msimamizi ana likizo au safari ndefu, tarehe hizo zinaingia kwenye kalenda pamoja na masika na Ramadhani.

Katika mfano wetu msimamizi amepewa visomo vitatu vikubwa. Wiki mbili kwa pendekezo. Wiki tatu kwa sura ya nne, yaani matokeo, kuanzia 24 Mei hadi 13 Juni. Wiki nne kwa rasimu nzima, kuanzia 19 Julai hadi 15 Agosti. Halafu wiki moja, ya 30 Agosti hadi 5 Septemba, ya kuhakiki kwamba masahihisho yamefanyika na kutia saini. Jumla ni wiki kumi kati ya 52. Wanafunzi wengi wakiiona hesabu hiyo hushtuka na kutaka kuibana. Wanasema mwalimu wangu hunijibu siku tatu tu. Ni kweli alijibu siku tatu, alipotumiwa kurasa mbili za wazo. Rasimu ya kurasa 120 ni kitu kingine.

Kisomo cha wiki tatu hakimaanishi mwanafunzi alale wiki tatu. Kila pengo la kusubiri linahitaji kazi yake, iliyochaguliwa mapema, na iwe kazi isiyotegemea majibu yanayosubiriwa. Msimamizi anaposoma pendekezo, mwanafunzi anaandaa hojaji na mwongozo wa mahojiano. Vibali vinapozunguka, anaandika sura ya pili, ya mapitio ya machapisho, ambayo haihitaji kibali cha mtu. Msimamizi anaposoma sura ya nne, anarudi kwenye sura ya kwanza na ya tatu. Zote mbili zilizaliwa ndani ya pendekezo, zikasema "mtafiti atafanya", na sasa inabidi ziseme "mtafiti alifanya". Kazi hiyo inachosha zaidi ya inavyosikika, kwa sababu mara nyingi mambo hayakufanyika kama yalivyoahidiwa: shule moja ilikataa, hojaji kadhaa hazikurudi, wazazi wawili walihojiwa kwa simu. Yote hayo lazima yaelezwe kwa ukweli. Msimamizi anaposoma rasimu nzima, mwanafunzi anapanga marejeo, viambatisho, orodha za majedwali, na anapitisha kazi kwenye ukaguzi wa wizi wa maandishi ambao vyuo vingi vinaudai kabla ya kupokea tasnifu.

Jambo moja alikwepe: kuandika sura ya tano wakati sura ya nne bado iko kwa msimamizi. Inavutia, inaonekana kama kuokoa muda. Lakini sura ya tano ni hitimisho na mapendekezo yanayosimama juu ya matokeo. Msimamizi akirudisha sura ya nne na neno kwamba jedwali la tatu halijibu swali la utafiti, sura ya tano nayo inabomoka, na mwanafunzi, kwa kuwa ameshaandika kurasa 20, ataanza kubishana badala ya kusahihisha. Nimewaona wakibishana.

Namna ya kutuma nayo hufupisha au hurefusha kusubiri. Faili lililotumwa WhatsApp saa tano usiku likiwa na maneno "Shikamoo Prof, naomba unisomee" linampa msomaji kazi mbili: kusoma, na kubahatisha asome nini. Barua pepe yenye aya moja inayosema hii ni sura ya nne, kurasa 32, nimebadilisha sehemu ya pili kama ulivyoagiza tarehe fulani, nina mashaka na maswali haya mawili, na tulikubaliana tuonane Jumatatu 14 Juni, inampa mahali pa kuanzia. Miadi ya kuonana iwekwe kabla ya kutuma, si baada. Mtu husoma kwa ajili ya kikao. Ni mara chache anasoma kwa ajili ya faili. Siku saba kabla ya kikao ukumbusho mmoja wa upole unatosha. Kikipita bila majibu, ombi la pili lipunguze mzigo: omba maoni ya kurasa kumi za matokeo tu. Wiki mbili zikipita tena, hapo ndipo anapohusika mratibu wa masomo ya uzamili wa idara, kwa maneno ya kuomba msaada, si ya kushtaki. Tarehe ya kufanya hivyo nayo iandikwe mapema kwenye ratiba, vinginevyo mwanafunzi wa kwetu, kwa heshima na woga, atasubiri miezi mitatu kimya.

Bado hatujagusa akiba ya muda, na hapa kuna utafiti ambao kila mwanafunzi angeujua kabla ya kukadiria chochote. Mwaka 1994 wanasaikolojia Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi 37 wa Kanada waliokuwa wanakaribia kumaliza tasnifu zao za shahada ya kwanza. Waliwataka wakadirie watamaliza baada ya siku ngapi. Wastani wa makadirio ulikuwa kama siku 34. Wakawauliza pia: na kila kitu kikienda vibaya kadiri inavyowezekana, je? Wakasema kama siku 49. Kwa waliomaliza, wastani halisi ulikuwa zaidi ya siku 55. Yaani hata walipoambiwa wafikirie mabaya yote, bado walikadiria pungufu. Na chini ya theluthi moja yao ndio waliomaliza ndani ya muda waliojipangia wenyewe.

Somo la kupanga hapo si kwamba tuwe na tamaa ndogo. Ni kwamba tusikadirie kwa kujitazama wenyewe tukiwa na ari ya Oktoba. Tukadirie kwa kuwauliza waliopita. Mwanafunzi wetu awatafute watu watatu waliomaliza idara hiyohiyo, awaulize kila hatua iliwachukua wiki ngapi kweli. Watamwambia, kwa mfano, jambo ambalo hakuna mwongozo wa chuo unaolitaja: kunukuu mahojiano. Saa moja ya rekodi huchukua saa nne hadi sita kuiandika neno kwa neno. Yeye ana mpango wa shule 12, watu watatu kila shule, dakika 45 kila mmoja. Hizo ni saa 27 za rekodi, na kama saa 135 za kuandika. Kisha mahojiano ni ya Kiswahili na tasnifu yake inaandikwa kwa Kiingereza, hivyo kila dondoo atakalolitumia linahitaji kutafsiriwa na kuhakikiwa.

Anaweka yote hayo kwenye kalenda na kugundua kwamba hayaingii. Shule 12, mbili kwa wiki, ni wiki sita uwandani baada ya wiki moja ya majaribio. Zinaishia 7 Machi. Zinabaki wiki mbili tu kabla ya kipindi cha uchambuzi kuanza, na Idi imo ndani ya wiki hizo. Kibali kikichelewa wiki mbili, gari likikwama Kilosa siku tatu, hana pa kukimbilia.

Kuna njia mbili. Wengi huchagua ya kwanza: wanapunguza muda wa msimamizi au wa kuandika, kwa sababu visanduku hivyo viko mbali na havilalamiki. Ya pili ni kupunguza kazi yenyewe. Mwanafunzi wetu anaenda kwa msimamizi mwezi wa kumi, pendekezo likiwa bado bichi, na wanakubaliana shule nane badala ya 12. Uwandani sasa ni wiki nne, kuanzia 25 Januari hadi 21 Februari. Mahojiano ni 24, rekodi ni saa 18, kunukuu ni kama saa 90, ambazo kwa saa tano kwa siku ni siku 18 za kazi. Uchambuzi wote unapata wiki tano, 22 Machi hadi 25 Aprili, Pasaka ikiwa ndani yake. Kuandika sura ya nne, wiki nne hadi 23 Mei. Utafiti wa kina wa shule nane unatetewa vizuri kuliko wa shule 12 ambao nusu ya mahojiano yake hayakuchambuliwa. Ila mapatano haya yafanyike kabla ya utetezi. Kupunguza sampuli Februari, baada ya jopo kupitisha 12, ni kujitafutia maswali ya watahini.

Sasa akiba imeonekana: wiki nne kabla ya uchambuzi, 22 Februari hadi 21 Machi, na nyingine nne mwishoni, kuanzia 6 Septemba. Jumla wiki nane kati ya 52. Zimewekwa sehemu mbili kwa sababu ziko sehemu mbili ambapo kuchelewa hakurekebishiki: masika, na tarehe ya kuwasilisha. Kwa nini asizigawe, siku tatu tatu kwenye kila kazi? Kwa sababu siku za ziada zilizofichwa ndani ya kazi huliwa bila kuonekana. Ukijua sura ina wiki nne wakati inahitaji tatu, wiki ya kwanza utafua mapazia. Eliyahu Goldratt, katika kitabu chake *Critical Chain* cha 1997, alishauri kitu hikihiki kwa miradi ya viwandani: kazi zipewe muda wa kubana kiasi, na akiba ikusanywe mahali pamoja panapoonekana na kila mtu.

Akiba ina masharti yake. Si likizo, na si mahali pa kuongeza shule ya tisa kwa sababu mambo yameenda vizuri. Ikibaki, uchambuzi unaanza mapema na wiki zilizobaki zinahamia mwisho wa mwaka. Ikitumika, iandikwe imetumiwa na nini. Kila Jumapili jioni mwanafunzi ajiulize mambo mawili tu: ni hatua ngapi zimekamilika, na akiba imeliwa kiasi gani. Ikiwa nusu ya akiba imekwisha na hata theluthi ya hatua haijafikiwa, ratiba imeshavunjika, hata kama kila kisanduku bado kinaonekana cha kijani. Dalili nyingine ya mapema ni kazi inayokaa kwenye hali ya "karibu inakwisha" kwa wiki mbili mfululizo. Mara nyingi kazi hiyo bado haijaeleweka, na dawa yake ni kikao na msimamizi, si kukesha.

Aandike pia maamuzi ya dharura yakiwa na tarehe. Kwake yanatosha mawili. La kwanza: ikifika Ijumaa, 29 Januari, na barua ya halmashauri haijatoka, anaanza na kazi ya hojaji na mahojiano kwa shule zilizo karibu na barabara kuu mara kibali kitakapofika, na zile za mbali anaziacha ziwe za mwisho, akijua akiba ya Machi ndiyo itakayozibeba. La pili: ikifika 7 Machi na shule tatu au zaidi bado, anampigia msimamizi simu siku hiyohiyo kujadili kubaki na zilizopatikana. Uamuzi uliofanywa Oktoba akili ikiwa imetulia ni bora kuliko unaofanywa kwenye stendi ya mabasi ya Kilosa mvua ikinyesha.

Ramadhani haimzuii, ila inabadili saa. Nusu ya pili ya kazi yake ya uwandani imo ndani ya mfungo. Wazazi wahojiwe asubuhi, si saa tisa alasiri, na asipange mahojiano matatu kwa siku moja.

Sehemu iliyobaki inapita haraka. Baada ya sura ya nne kurudi, wiki mbili za kuirekebisha, hadi 27 Juni. Sura ya tano, wiki mbili. Kuunganisha rasimu nzima, wiki moja, na wiki hiyo isidharauliwe: namba za majedwali, vichwa vya sura na marejeo ambayo yametajwa ndani lakini hayamo kwenye orodha hula siku nyingi. Msimamizi, wiki nne. Marekebisho, wiki mbili hadi 29 Agosti. Uhakiki na saini, wiki moja. Vyuo vingi hudai mwanafunzi atoe taarifa ya kusudio la kuwasilisha miezi kadhaa kabla. Tarehe hiyo aiulize ofisi ya uzamili Oktoba na kuitia kwenye kalenda, kwa sababu anayeisahau hugundua Septemba kwamba kazi yake imekwisha lakini haina watahini. Na ajue kwamba 30 Septemba ni siku ya kuwasilisha, si ya kumaliza: bado kuna kusomwa na watahini, utetezi wa mwisho na masahihisho yao, ambayo yako nje ya hizi wiki 52 na nje ya uwezo wake.

Kwa mwajiriwa aliyepewa ruhusa ya masomo, au anayefundisha huku anasoma, wiki 52 hizi si zake zote. Apige hesabu kwa saa: kama ana saa 15 kwa wiki badala ya 35, sura ya wiki nne ni sura ya wiki tisa au kumi, na mwaka mmoja hautoshi kwa utafiti wa ukubwa huu. Ni afadhali alijue hilo Oktoba na kuchagua utafiti wa shule tatu, au wa nyaraka zilizopo, kuliko kulipa ada ya kuongezewa muda mwaka unaofuata.

Na ikitokea Jumatatu ya 6 Septemba ikakukuta una saini ya msimamizi mkononi na wiki zote nne za akiba hazijaguswa, usizitafutie kazi. Usiongeze machapisho mapya, usibadili jedwali. Chapisha nakala, funga, peleka ofisi ya uzamili, na udai risiti ya kupokelewa.